Makato ya kutuma pesa kwa simu: daraja lipi ni nafuu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mhazini wa kikundi cha ukoo wetu. Tuko kumi na wanne, wengi tukiishi Tabata na Mbagala, na kila mwezi tunatuma pesa kwa wazee Korogwe. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimeamua kuyaandika mara moja. Jedwali la makato hapa chini ni la mfano. Nimelitunga kwa tarakimu zinazohesabika kirahisi, nikalipa umbo lilelile la majedwali halisi, ila si la kampuni yoyote. Ukishaelewa hesabu, chukua jedwali la mtandao wako uweke tarakimu zake mahali pa hizi zangu.

Jedwali lenyewe likoje?

| Kiasi (shilingi) | Kutuma mtandao huohuo | Kutuma mtandao mwingine | Kutoa kwa wakala |
|---|---|---|---|
| 5,000 – 9,999 | 200 | 300 | 900 |
| 10,000 – 19,999 | 400 | 600 | 1,500 |
| 20,000 – 49,999 | 700 | 1,100 | 2,200 |
| 50,000 – 99,999 | 1,000 | 1,800 | 3,000 |
| 100,000 – 199,999 | 1,400 | 2,800 | 4,200 |
| 200,000 – 499,999 | 2,000 | 4,000 | 7,000 |

Kila mstari ni daraja moja. Ndani ya daraja makato hayabadiliki: anayetuma 50,000 na anayetuma 99,000 wanakatwa sawasawa. Majedwali halisi yana mistari mingi kuliko huu wangu, hasa kwenye viwango vidogo, lakini mwendo ni huohuo.

Sasa daraja lipi ni nafuu kuliko yote?

Ukiangalia shilingi tu, la chini kabisa. Kutuma na kutoa kwenye daraja hilo ni 1,100, na kwenye la juu kabisa ni 9,000, hilo halina ubishi. Lakini mtu hatumi makato, anatuma pesa. Swali lenye faida ni hili: katika kila shilingi mia ninayotuma, ngapi zinaishia njiani? Nimejumlisha kutuma ndani ya mtandao mmoja na kutoa kwa wakala, kisha nikagawa kwa kiasi chenyewe, mwanzoni mwa daraja na mwishoni mwake.

| Daraja | Kutuma na kutoa | Ukituma kiasi cha chini | Ukituma kiasi cha juu |
|---|---|---|---|
| 5,000 – 9,999 | 1,100 | asilimia 22 | asilimia 11 |
| 10,000 – 19,999 | 1,900 | asilimia 19 | asilimia 9.5 |
| 20,000 – 49,999 | 2,900 | asilimia 14.5 | asilimia 5.8 |
| 50,000 – 99,999 | 4,000 | asilimia 8 | asilimia 4 |
| 100,000 – 199,999 | 5,600 | asilimia 5.6 | asilimia 2.8 |
| 200,000 – 499,999 | 9,000 | asilimia 4.5 | asilimia 1.8 |

Soma safu mbili za mwisho kwa mshazari, kutoka mwisho wa daraja moja kwenda mwanzo wa daraja linalofuata. Elfu kumi na tisa na ushee inakatwa asilimia 9.5, elfu ishirini kamili inaruka hadi 14.5. Elfu arobaini na tisa na ushee ni asilimia 5.8, hamsini kamili ni 8. Kwa ujumla kiasi kikubwa kina nafuu kuliko kidogo, lakini nafuu haishuki kama mteremko. Inashuka kama ngazi ambayo kila baada ya hatua chache inakurudisha juu kidogo.

Kwa hiyo ninachowajibu ndugu zangu ni kwamba hakuna daraja moja la nafuu la kumfaa kila mtu. Kila daraja lina mahali pake pa nafuu, na mahali hapo ni karibu na mwisho wake.

Mbona basi sisi wote tunatuma elfu kumi, ishirini, hamsini, laki?

Kwa sababu ndivyo tunavyohesabu pesa. Noti ni za namna hiyo, michango ni ya namna hiyo, na hata mtu akikuomba msaada hatasema "nisaidie elfu arobaini na tisa". Tatizo ni kwamba namba hizo za mviringo ndizo zinazofungua madaraja. Ukituma hamsini kamili umeingia daraja jipya kwa shilingi moja tu, na unalipia daraja zima.

Sisemi watu waanze kutoa michango ya 49,999. Wakala naye atakutolea wapi chenji ya shilingi mia tisa tisini na tisa? Ninachosema ni kwamba penye hiari, shuka elfu moja. Kwa jedwali hili, mzee akitoa 49,000 anakatwa 2,200, na akitoa 50,000 anakatwa 3,000. Ile elfu moja aliyoiacha haijapotea, iko kwenye simu yake na ataitumia kununua vocha.

"Nitumie na ya kutolea." Inahesabiwaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea mara ya kwanza nilipokabidhiwa daftari. Nitalieleza polepole.

Mama mdogo alikuwa anahitaji laki moja kamili mkononi, pesa ya fundi wa paa. Nikaangalia jedwali juujuu, jicho likaangukia mstari wa hamsini hadi tisini na tisa, nikaona kutoa ni 3,000. Nikatuma 103,000 nikajiona nimemaliza. Baada ya nusu saa simu ikaita. "Mwanangu, wakala anasema haitoshi." Kweli haikutosha. Kutoa laki moja kamili ni daraja linalofuata, makato ni 4,200, na kwenye simu alihitaji kuwa na 104,200. Wakala akampa njia pekee iliyobaki: toa 99,000, ukatwe 3,000, elfu moja ibaki. Malipo ya fundi yakapungua kwa elfu moja, na mimi nikaitwa bahili mbele ya jirani.

Mpangilio sahihi ni huu, na lazima uende kwa mfuatano huu, usianze mwisho:

Kwanza jiulize mpokeaji anataka kushika shilingi ngapi mkononi. Hapa ni 100,000.

Pili, tafuta makato ya kutoa kiasi hicho. Makato ya kutoa hufuata kiasi anachotoa, hayafuati salio lililomo kwenye simu. Kutoa 100,000 ni 4,200.

Tatu, jumlisha. Hiyo 104,200 ndiyo unayotuma.

Nne, tafuta makato ya kutuma kwa kiasi hicho kipya, siyo kile cha mwanzo. Kutuma 104,200 ni 1,400. Wewe mtumaji unatakiwa uwe na 105,600.

Hatua ya nne ndiyo yenye mtego. Tuseme mama mdogo angeridhika na 99,000. Kutoa ni 3,000, unatuma 102,000. Tazama: kiasi anachotoa kiko daraja la chini, lakini kiasi unachotuma kimevuka laki, kwa hiyo unakatwa 1,400 badala ya 1,000. Jumla yako ni 103,400. Kumbe ile "ya kutolea" yenyewe imekupandisha daraja.

Sasa shuka hadi 96,000. Kutoa 3,000, unatuma 99,000, unakatwa 1,000, na jumla ni laki moja kamili. Hiyo ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote kwenye jedwali hili: mwenye laki moja kwenye simu yake, asiye na hata mia ya ziada, anaweza kumfikishia mtu 96,000 mkononi. Akitaka kumfikishia 99,000, yaani 3,000 zaidi, inamgharimu 3,400 zaidi. Na akitaka kutoka 99,000 hadi laki kamili, ile elfu moja ya mwisho inamgharimu 2,200.

Nikiwaeleza hivi ndugu zangu huwa wanacheka. Elfu moja kwa elfu mbili na mia mbili! Lakini ndivyo wanavyofanya kila mwezi bila kujua.

Kutuma kidogo kidogo kila wiki au mara moja kwa mwezi?

Chukua 80,000 kwa mwezi. Ukituma elfu ishirini mara nne, kila mara kutuma 700 na kutoa 2,200, jumla ya makato ni 11,600. Ukituma 80,000 mara moja na ikatolewa mara moja, makato ni 4,000. Umeokoa 7,600, ambayo kwa mama wa Korogwe ni sukari na mafuta ya kupikia.

Lakini angalia nafuu hiyo inatoka wapi. Ukituma mara moja ila yeye akatoa elfu ishirini kila wiki, kutuma ni 1,000 na kutoa mara nne ni 8,800. Jumla 9,800. Umeokoa 1,800 tu. Uzito wa makato uko kwa wakala kuliko kwenye kutuma. Ndiyo maana mimi huwa sipigi kelele sana na watumaji. Napiga simu kwa wapokeaji.

Kuna wazee wasiotaka kukaa na pesa nyingi ndani, na wana sababu zao. Wajukuu wanajua inapowekwa. Kwa hao, gharama ya kutoa kidogo kidogo ni kama bei ya ulinzi, na sibishani nao.

Kugawa muamala kunapunguza makato?

Mara nyingi hapana, mara chache ndiyo. Laki mbili ukiitoa kwa mkupuo ni 7,000. Ukiitoa laki laki, ni 4,200 mara mbili, yaani 8,400. Umejiumiza. Kwa hiyo wakala akikwambia "toa nusu sasa, nusu baadaye", piga hesabu kwanza kabla ya kuitikia. Si lazima awe na nia mbaya, pengine hana keshi ya kutosha kwenye droo, lakini makato yanatoka kwako.

Kugawa kunalipa pale tu kiasi kinapokuwa kimevuka ukingo wa daraja kidogo. Mfano ni 210,000. Kwa mkupuo, 7,000. Ukitoa 199,000 kisha 11,000, ni 4,200 na 1,500, jumla 5,700. Umeokoa 1,300. Ukifika 248,000 bado inalipa: 199,000 na 49,000 ni 6,400. Lakini 250,000 haikubali tena, maana sehemu ya pili inakuwa 51,000 na jumla inafika 7,200. Kuanzia hapo, toa kwa mkupuo.

Kanuni ya kichwani: ile sehemu iliyozidi ukingo, itafute kwenye jedwali peke yake. Makato yake yakiwa madogo kuliko tofauti ya madaraja mawili yanayokutana pale, gawa. Hapa tofauti ya 7,000 na 4,200 ni 2,800. Sehemu iliyozidi ikikatwa chini ya 2,800, umeshinda.

Mpokeaji yuko mtandao mwingine. Natumia jedwali la nani?

Yote mawili. Kutuma unakatwa kwa jedwali la mtandao wako, safu ya mitandao mingine. Kutoa, yeye anakatwa kwa jedwali la mtandao wake. Anayehesabu "ya kutolea" kwa jedwali lake mwenyewe huwa anapunja au anazidisha. Niliwahi kumtumia mjomba kiasi cha kutolea cha mtandao wangu, kumbe wake ulikuwa juu kwa shilingi mia tatu. Mia tatu hiyo ilimrudisha nyumbani kutoka sokoni, kwa sababu mfumo haukubali hata ikipungua shilingi moja.

Kwa mfano wetu wa laki mkononi, ukichukulia kwamba mitandao yote miwili ina makato sawa ya kutoa, unatuma 104,200 na unakatwa 2,800. Jumla 107,000, yaani 1,400 zaidi kuliko ndani ya mtandao. Nyumbani kwetu suluhisho limekuwa rahisi. Kila mtu ana laini mbili, na kikundi kimekubaliana laini moja ya kutuma, ile yenye wakala wa karibu na wazee. Mtandao wa bei nafuu usio na wakala kijijini si wa bei nafuu, maana kuna nauli ya bodaboda.

Vijana hawakumbuki, lakini zamani ukituma kwa mtu wa mtandao mwingine pesa haikuingia kwenye akaunti yake ya simu. Baadhi ya mitandao ilianza kuunganishwa mwaka 2014, na M-Pesa ya Vodacom ikaingia mwaka 2016. Sasa Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu.

Kuna wakala Kariakoo anasema tusitume, tuweke moja kwa moja kwenye namba ya mama. Ni sawa?

Anachofanya ni hiki: unampa keshi, yeye anafanya muamala wa kuweka pesa kwenye namba ya mtu aliye Korogwe, kana kwamba mwenye namba amesimama pale dirishani. Kuweka pesa hakuna makato kwa mteja, kwa hiyo ile gharama ya kutuma inayeyuka. Ndiyo sababu watu wanaupenda mtindo huo.

Kampuni zinaukataza kwa mawakala wake, kwa sababu zinakosa ada ya kutuma huku zikimlipa wakala kamisheni ya kuweka. Hilo ni lao na wakala. Lenye kukuhusu wewe ni kwamba muamala hauna jina lako popote. Wakala akikosea tarakimu moja, ujumbe wa kuthibitisha uko kwake na pesa iko kwa mtu mwingine, wewe una maneno tu. Kwa kikundi kama chetu chenye daftari la michango, nimekataa kabisa. Nataka ujumbe kwenye simu yangu wenye jina la mpokeaji na makato. Kwa 1,400, naona ni bei ya haki.

Wakala anaweza kuniongezea chake juu ya makato?

Hapana. Makato ya kutoa yanatoka kwenye salio lako yenyewe, hulipi keshi dirishani. Wakala analipwa kamisheni na kampuni. Akikuomba "mia tano ya huduma", omba akuonyeshe kwenye bango lake. Haipo.

Tozo ya serikali imo humu?

Kwenye jedwali langu la mfano sikuitenganisha. Kwenye jedwali halisi angalia kama kuna safu yake peke yake. Tozo ya miamala ilianza 15 Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi, juu ya ada ya kampuni. Watu walilalamika hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na bajeti ya 2022 ikashusha kikomo cha juu hadi 4,000. Baada ya hapo miamala kadhaa ikaondolewa tozo kabisa.

Nayataja haya kwa sababu moja. Picha za majedwali ya wakati ule bado zinazunguka kwenye makundi ya simu, na mtu anakuja nazo kwangu akisema tunaibiwa au tunajiibia. Jedwali lisilo na tarehe usilihesabie.

Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na ushuru wa bidhaa zinatozwa kwenye ada, si kwenye pesa unayotuma. Kwa kawaida ada iliyoandikwa imeshazibeba.

Nitajuaje jedwali nililonalo ni la sasa?

Bango la ukutani kwa wakala si ushahidi, mengine yamepauka kwa jua na bado yana jina la Tigo Pesa, wakati Tigo imekuwa Yas tangu Novemba 2024 na huduma inaitwa Mixx by Yas. Chukua jedwali kwenye tovuti au programu ya kampuni yenyewe. Kisha lihakiki kwa ujumbe wako: kila muamala unakuja na makato yake, na pale penye tozo hutajwa kando ya ada ya kampuni. Mimi hufanya hivi kila robo mwaka. Nachukua miamala mitano ya karibuni ya madaraja tofauti, nalinganisha na jedwali langu. Mmoja ukitofautiana, nalifuta lote na kuliandika upya, maana kampuni ikigusa daraja moja mara nyingi imegusa na mengine.

Namba za kuingilia menyu, kwa wanaosahau: `*150*00#` M-Pesa, `*150*01#` Mixx by Yas, `*150*60#` Airtel Money, `*150*88#` HaloPesa.

Nawezaje kuliweka jedwali kwenye kompyuta lihesabu lenyewe?

Kwenye programu ya lahajedwali, andika safu A kiasi cha chini cha kila daraja (5000, 10000, 20000 na kuendelea), B makato ya kutuma mtandao huohuo, C mtandao mwingine, D kutoa. Mistari yetu sita inakaa A2 hadi D7. Kwenye G1 weka kiasi kinachotakiwa mkononi. Kwenye G2 weka makato ya kutoa:

```
=VLOOKUP(G1,A2:D7,4,TRUE)
```

Na kwenye G3 makato ya kutuma:

```
=VLOOKUP(G1+G2,A2:D7,2,TRUE)
```

Utaona G3 inatafuta kwa `G1+G2`, siyo `G1` peke yake. Hiyo ndiyo hatua ya nne niliyoieleza juu. Jumla ni `=G1+G2+G3`. Neno `TRUE` linaiambia programu ichukue daraja la karibu lisilozidi kiasi chako, kwa hiyo safu A lazima iende kutoka ndogo kwenda kubwa. Ukiichanganya itakupa jibu la uongo bila kulalamika. Anayetuma mtandao mwingine, kwenye G3 abadilishe ile 2 iliyo kabla ya `TRUE` iwe 3.

Kuijaribu, weka 100000 kwenye G1. Ukipata 105,600 iko sawa. Weka 99000, upate 103,400. Kiasi kilicho chini ya 5,000 kitaleta kosa, kwa sababu jedwali halijaanza huko. Na likifika 500,000 na kuendelea litakupa makato ya mstari wa mwisho kana kwamba daraja haliishi, kwa hiyo ongeza mistari ya mtandao wako na urefushe `D7` hadi mstari wako wa mwisho.

Je, mama akilipa dukani kwa simu bila kutoa?

Malipo kwa lipa namba yana jedwali lake, usiyapigie hesabu kwa safu ya kutoa. Kama duka analonunua mchele lina lipa namba, hana haja ya kwenda kwa wakala kabisa kwa sehemu hiyo ya pesa. Tulijaribu miezi miwili iliyopita. Dukani ilifanya kazi, ila muuza samaki hana namba, na mama mdogo hawezi kukaa wiki bila samaki. Sasa anatoa 19,000 kwa ajili ya gengeni na samaki, mengine analipa kwa simu. Sikumwambia mimi atoe kumi na tisa badala ya ishirini. Aliona mwenyewe, baada ya lile la fundi wa paa.